Perdiem ya Dodoma ya mtu aliyerudi jioni: lini ni hela ya safari, lini ni mshahara

Kuna ofisi moja ya usambazaji huku Mikocheni huwa naenda kuwasaidia kufunga hesabu za mwezi, wako wafanyakazi kumi na wanne, sio wakubwa sio wadogo. Siku moja napitia vocha za safari nikakuta tiketi ya SGR ya Dar kwenda Dodoma, Jumanne asubuhi, na nyingine ya kurudi Jumanne hiyo hiyo jioni, jina lile lile, alafu vocha iliyobanwa nayo kwa pini inasema perdiem ya siku mbili za kulala, laki na nusu kila siku, jumla laki tatu.

Nikamuuliza dada wa akaunti, huyu alilala wapi?

Akacheka. "Kaka, Dodoma ni siku mbili, ndo sera yetu toka enzi za basi."

Na kwa kweli enzi za basi ilikuwa inaeleweka, unaondoka alfajiri, unafika mchana umechoka, ofisi unayoiendea ishaanza kufunga mafaili, kwahiyo unalala, kesho unafanya kazi, unalala tena, kesho kutwa unarudi. Treni ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024 safari ikawa ya masaa matatu na nusu hivi, mtu anaenda na kurudi siku moja na chakula cha usiku anakula kwake. Sera ikabaki ya basi. Na tiketi za treni zina jina, tarehe na saa, yani ushahidi kwamba mtu hakulala umebanwa na pini kwenye vocha hiyo hiyo inayosema alilala.

Sasa swali la kodi ni hili: ile laki tatu ni nini? Dada wa akaunti anasema perdiem, na perdiem haikatwi kodi, kila mtu anajua. Mimi nasema hapo ndipo watu wengi wa sekta binafsi wanapotea, kwa sababu sheria haijasema popote kwamba perdiem haikatwi kodi.

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, kifungu cha 7, ndio kinachoongelea mapato ya ajira, na ukikisoma taratibu utaona kinaanza kwa kuingiza kila kitu ndani. Kifungu kidogo cha 2 kinataja mshahara, malipo badala ya likizo, kamisheni, bonasi, kiinua mgongo, alafu kwenye mstari huo huo kinataja posho ya kujikimu, posho ya safari, posho ya takrima na posho nyingine yoyote anayopata mtu kwa sababu ya ajira yake. Yani posho ya safari imetajwa kwa jina kabisa kwamba ni mapato ya ajira, iko kapu moja na mshahara. Hata kurudishiwa gharama ulizotumia kumetajwa humo humo.

Alafu ndo kinakuja kifungu kidogo cha 3 kinachotoa vitu kwenye kapu, na aya ya (d) inasema posho ya kujikimu, ya safari na kadhalika haihesabiwi kama mapato ikiwa ni marejesho peke yake ya kiasi ambacho mfanyakazi amekitumia, na amekitumia chote kwa ajili ya kazi na kwa ajili ya kazi tu. Soma hapo kwenye "peke yake" na kwenye "amekitumia". Mlango wa kuingia kapuni ni mpana kama geti la Kariakoo, wa kutokea ni mwembamba, na anayetaka kutoka ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba anapita. Ukishindwa kuonyesha, posho inabaki ilipokuwa toka mwanzo, kapuni na mshahara.

Kwahiyo jina uliloandika kwenye vocha halina kazi kubwa. Kinachoulizwa ni je, hii hela ilikuwa inarudisha gharama ya kazi, au ilimwongezea mtu kipato?

Watu wananiambia mbona Kenya kuna kiwango cha siku hakiguswi. Ni kweli, Kenya sheria yao imeweka namba, ilikuwa shilingi 2,000 za kwao kwa siku mfanyakazi akiwa safarini kikazi nje ya kituo chake, na toka Julai 2025 ikapandishwa hadi 10,000. Ndani ya hiyo namba wanachukulia ni marejesho bila kukudai risiti za chai na chapati. Ila hiyo ni sheria ya Kenya, kwetu hiyo aya ya (d) haina namba. Nimeshaona kampuni yenye makao makuu Nairobi imeleta sera yake Dar kama ilivyo, imebadilisha sarafu tu, na wala hakuna aliyejiuliza kama sheria ya huku inasema hivyo.

Na wengine wanalinganisha na serikalini. Shemeji yangu yuko kwenye taasisi ya serikali, tukikaa Jumapili anasema sisi tukisafiri tunalipwa kiwango, hakuna anayetukata, nyie mnateseka nini. Hapo kuna vitu viwili vimechanganywa. Kwanza viwango vya serikali vya safari za ndani, vile vilivyopandishwa Julai 2022, ni viwango vya mwajiri huyo kulipa watumishi wake, sio viwango vya kodi. Kampuni binafsi ikivinakili inakuwa na hoja nzuri kidogo kwamba haijazidisha, lakini kunakili hakufanyi hela iwe marejesho. Pili, kuna posho ambazo kifungu hicho hicho cha 7 kimezitoa kwenye kapu kwa watumishi wa serikali na taasisi zinazobebwa na bajeti ya serikali tu, kama posho ya nyumba, usafiri, madaraka, kazi za ziada, mazingira magumu na honoraria. Shemeji hiyo anayo. Mimi na wewe wa kampuni binafsi hatuna, posho yetu ya nyumba ni mshahara, posho yetu ya usafiri wa kila mwezi ni mshahara. Haipendezi ila ndo ilivyo.

Turudi kwenye Dodoma tuifanyie hesabu. Jamaa wa tiketi ana mshahara wa 1,200,000. Anachangia NSSF asilimia 10, laki na ishirini, inatolewa kabla ya kodi, inabaki 1,080,000. Jedwali la PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi, linasema ukishavuka milioni moja unalipa 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kilichozidi milioni, kwahiyo 128,000 jumlisha 24,000, PAYE yake ya kawaida ni 152,000.

Tiketi zote mbili alikatiwa na ofisi, hizo haziko kwenye laki tatu. Nilivyokaa naye akaniambia ukweli wake, teksi ya kwenda stesheni kabla ya kupambazuka na ya kurudi, bajaji za Dodoma, chakula cha mchana na maji, ukijumlisha yote elfu arobaini. Hiyo elfu arobaini ni marejesho halali, hakuna anayebisha. Iliyobaki, 260,000, haikurudisha kitu chochote, hakuna gesti, hakuna chakula cha usiku, hakuna kifungua kinywa. Hiyo ni nyongeza ya kipato. Ukiiweka kwenye peroli ya mwezi ule, kiasi cha kodi kinakuwa 1,340,000, PAYE inakuwa 128,000 jumlisha 102,000, yani 230,000. Tofauti ni 78,000. (NSSF nimeiacha kwenye mshahara wa msingi ili tusichanganye mambo.)

Kuna wakali watakwambia neno "peke yake" linamaanisha posho ikishakuwa na faida ndani yake, basi nzima imeharibika, na laki tatu yote ni mapato. Maandishi yanaruhusu mtu kusoma hivyo. Mimi naona ni kusoma kwa ukatili kidogo, kwa sababu ile elfu arobaini ingelipwa kwa vocha yake peke yake isingekuwa na tatizo, ila ndio sababu nawaambia watu watenganishe vocha toka mwanzo badala ya kusubiri kubishana baadae.

Sasa chukua safari nyingine ya ofisi hiyo hiyo uone tofauti. Dada mmoja wa mauzo alienda Mbeya kwa basi, kalala siku nne kweli, kapewa 400,000 kama masurufu, yani hela ya kutangulia ambayo ukirudi unaitolea hesabu. Karudi na risiti za EFD za loji, elfu 55 kwa siku, jumla 220,000. Chakula siku tano kaandika 110,000, sehemu kubwa ana risiti, mama lishe wawili hawana mashine basi kaandika kwenye karatasi tarehe, mahali na kiasi akasaini. Bodaboda na bajaji za kuzungukia maduka 45,000, nazo kaziorodhesha duka kwa duka. Jumla 375,000. Akarudisha 25,000 kwa keshia na akapewa risiti. Hapo PAYE sifuri, wala haina haja ya kuingia kwenye peroli, kila senti ambayo hakuirudisha ilishatumika kwa kazi. Angeamua kubaki na ile elfu ishirini na tano na ofisi ikamwambia sawa tu baki nayo, basi hiyo elfu ishirini na tano ndio ingekuwa ya kukatwa, sio laki nne.

Watu wanauliza je lazima kila safari iwe ya risiti na kurejesha masurufu, hatuwezi tu kulipa kiwango kimoja tukamaliza? Kulipa kiwango unaweza, hakuna aliyekukataza. Na nionavyo mimi kama safari ipo kweli, siku za kulala zipo kweli, na kiwango kinafanana na bei za mji ule, mkaguzi hana sababu ya kuhesabu vikombe vya chai, ni hoja inayoteteka. Lakini ujue umeegemea nini. Umeegemea kwamba kiwango ni makadirio ya haki ya gharama, kwahiyo lazima uwe na kitu kinachoonyesha ulivyokadiria, bei za loji tatu nne za mji huo, chakula mara tatu, usafiri wa ndani. Kiwango kinachopanda kwa cheo peke yake, bosi laki tatu na dereva elfu sitini kwa loji ile ile na ubwabwa ule ule, kinaanza kunuka mshahara. Sisemi bosi alale gesti ya dereva, nasema uwe na bei ya hoteli anayolala bosi.

Kinachowaponza wengi kuliko Dodoma yenyewe ni ile posho ya safari ya kila mwezi. Hii ndo naiona sana Dar, kwenye barua ya ajira imeandikwa mshahara 1,200,000, posho ya safari 300,000 kwa mwezi, na inalipwa tarehe ile ile na mshahara, akaunti ile ile, uwe umesafiri, hujasafiri, uko likizo Tanga unakula embe, inaingia tu. Ukimuuliza mwenye kampuni anasema watu wa mauzo wanazunguka sana. Sawa wanazunguka, ila hela inayoingia hata mtu akiwa likizo inarudisha gharama gani? Haina safari nyuma yake. Huo ni mshahara uliobadilishiwa jina, na ndio kitu cha kwanza mkaguzi anakiona kwa sababu hahitaji hata kuomba vocha, anaangalia tu taarifa ya benki, namba ile ile miezi kumi na mbili mfululizo.

Hesabu yake sio ndogo. Mtu huyo ashavuka milioni, kwahiyo laki tatu yote inakula asilimia 30, elfu tisini kwa mwezi. Ofisi ile ilikuwa na watu sita wa mauzo wenye mpango huo, ni 540,000 kwa mwezi, mwaka mzima 6,480,000, na hiyo ni kodi mama kabla ya riba na adhabu. Alafu kuna SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi, mwajiri mwenye wafanyakazi kumi na kuendelea anailipa juu ya malipo yote ya wafanyakazi, na hizo posho zikihesabiwa kuwa malipo basi zinaongeza na SDL. Kwa asilimia 3.5, kiwango kilichoanza Julai 2023, milioni moja na laki nane za mwezi zinazaa 63,000 nyingine, na hii haimkati mfanyakazi, ni ya mwajiri mwenyewe.

Na nani anadaiwa ile PAYE? Hapa ndo wafanyakazi wanapumua na mabosi wanakasirika. Mwajiri ndiye aliyepewa kazi ya kukata na kupeleka ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Asipokata, deni linamfuata yeye. Sheria inamruhusu kwenda kudai kwa mfanyakazi baadae, ila fikiria, wawili kati ya wale sita walishaacha kazi, mmoja yuko Msumbiji, utamdai wapi. Bosi akisema basi nitalipa mimi kwa ajili yao yaishe, ajue kumlipia mfanyakazi kodi yake nako ni faida ya ajira, kodi inazaa kodi. Ukitaka mtu abaki na laki tatu kamili mkononi kwa kiwango cha asilimia 30, grosi yake ni 428,571, na kodi ni 128,571, sio elfu tisini. Nikimwonyesha bosi hiyo namba huwa anakaa kimya kidogo.

Hela ya mafuta iko hivyo hivyo, nitaipita haraka. Laki mbili za mafuta kila mwezi kwa mtu mwenye gari lake ni mshahara. Mafuta yanayolipwa kwa kitabu cha safari, tarehe, alikotoka, alikoenda, kilomita, alienda kufanya nini, hayo ni marejesho, ila usiingize humo nyumbani kwenda ofisini. Kutoka Mbagala hadi Posta asubuhi ni safari yako binafsi, hata kama foleni ya Kilwa Road inakumaliza na hata kama umeshapokea simu tatu za kazi uko Mtoni. Kazi inaanza ukishafika. Na elfu tano ya msosi kila siku, ikilipwa taslimu inakatwa, lakini chakula kinachotolewa ofisini kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi sheria imekitoa kwenye kapu, kwahiyo yule bosi aliyeongea na mama lishe alete sufuria pale ofisini na kampuni ikamlipa yeye, alifanya akili.

Kosa jingine la safari ambalo halionekani haraka ni kulipa mara mbili. Ofisi inalipa hoteli moja kwa moja, ankara inakuja kwa jina la kampuni na TIN ya kampuni, kitanda na kifungua kinywa, hiyo ni njia safi kuliko zote kwa sababu hela haipiti mkononi mwa mfanyakazi. Tatizo ni pale anapopewa tena perdiem nzima juu yake, kiwango kile kile ambacho ndani yake kuna malazi. Au ameenda semina Arusha, waandaaji wamelipa kila kitu, chai, chakula, chumba, na ofisi nayo imempa siku tatu kamili. Ile perdiem inarudisha nini? Labda bajaji na vocha ya simu. Ofisi zilizojipanga zina viwango viwili, kimoja cha mtu anayejilipia malazi na kingine kidogo cha mtu aliyelipiwa, na fomu ya safari ina kiboksi cha kuuliza nani analipia malazi na chakula. Hicho kiboksi kimoja kinaokoa mambo mengi.

Kuna na mtu aliyepelekwa Mwanza "kwa muda" akafungue tawi. Mwezi wa kwanza analala hotelini, perdiem inaeleweka. Mwezi wa nne amepanga nyumba Nyegezi, mwezi wa saba mtoto kahamia shule ya huko, na perdiem ya kila siku bado inaingia kama yuko safarini. Sheria haijataja kwamba siku kadhaa zikifika safari inaisha, lakini mtu anayefanya kazi Mwanza, analala Mwanza na familia iko Mwanza, kituo chake cha kazi ni Mwanza. Kodi ya nyumba yake na ugali wake ni maisha yake ya kawaida sasa, na hela inayolipia maisha ya kawaida ya mtu ni mshahara. Kama kampuni inataka kumlipa zaidi kwa sababu kakubali kuhama ni vizuri tu, ilipe, ipitishe kwenye peroli.

Sasa ukitaka vocha yako isimame mbele ya mkaguzi unahitaji nini? Sio karatasi nyingi, ni karatasi zinazoongea lugha moja. Ombi la safari lililoidhinishwa kabla ya safari, linalosema unaenda wapi, lini, kufanya nini. Tiketi au tarehe za gari la ofisi. Risiti ya malazi, ya EFD kama ipo, na ukiweza itoke na TIN ya kampuni. Ripoti ya safari, hata nusu ukurasa, nani ulionana naye na kilitokea nini. Alafu karatasi ya marejesho ya masurufu inayoonyesha ulipewa ngapi, ulitumia ngapi, ulirudisha ngapi. Mkaguzi anachofanya ni kuziweka pembeni kwa pembeni na kutafuta zinapogombana, ombi linasema siku nne, risiti ya loji siku mbili, ripoti ina tarehe ambayo mtu huyo alisaini kitabu cha mahudhurio Mikocheni. Hiyo ya mahudhurio nimeiona kwa macho yangu. Na zitunze, sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zikae miaka isiyopungua mitano, sasa risiti za EFD zile za karatasi ya joto zinafutika zikikaa kwenye droo ya Dar miezi sita, zipige picha au toa kopi siku ile ile zinapoletwa.

Kwa ofisi ya Mikocheni tulifanya hivi. Sera ya Dodoma tuliandika upya, ukienda na kurudi siku hiyo hiyo unalipwa chakula na usafiri wa ndani kwa ulichotumia, na ukomo wa elfu hamsini, ukilala unalipwa kwa siku uliyolala. Posho za kila mwezi za watu wa mauzo tulizihamishia kwenye peroli wazi wazi, zikakatwa, na bosi akaongeza kidogo ili maumivu yasiwe ya upande mmoja, sio 428,571 lakini sio laki tatu. Miezi ya nyuma tukaipigia hesabu na akaamua kuirekebisha mwenyewe kabla hajaulizwa, kalipa kwa mafungu, kanung'unika kila fungu.

Yule jamaa wa treni yeye alikataa kabisa kuelewa mwanzoni. Akaniambia sasa kaka mimi naamka saa tisa usiku, narudi saa nne usiku, alafu napata elfu hamsini, si bora nirudi kwenye basi nilale? Nikamwambia ukilala kweli utalipwa malazi kweli, leta risiti. Mwezi uliofuata akaenda Dodoma, kalala siku moja, kaleta risiti ya loji ya elfu sitini, na tiketi ya kurudi ya kesho yake.

"Sasa hii inakatwa?"

Haikatwi.